Raba za mtumba mtandaoni: namba, soli, insoli, boksi na usafi viandikwe vipi

Swali: "Shikamoo kaka. Nauza raba za mtumba mtandaoni, nachagua mwenyewe pale Karume, naosha, napiga picha, naposti. Tatizo viatu vinarudi. Mmoja anasema kubwa, mwingine vinabana, na sasa kuna mteja wa Mwanza kaniita tapeli eti soli imeisha na insoli sio ya kiatu. Namba naandika ileile iliyoko kwenye ulimi. Nakosea wapi na tangazo niliandikeje?"

Marahaba mdogo wangu. Tuanze na namba maana hapo ndo hela inapopotelea zaidi, hayo ya soli tutayafikia, na ya insoli utaona yenyewe yanaingia humohumo kwenye namba.

Unasema unaandika namba iliyoko kwenye ulimi, sawa, lakini ipi? Fungua lebo ya Nike yoyote ya watu wazima utakuta US, UK, EUR, CM, na siku hizi wanaongeza BR ambayo ni ya Brazil, hiyo iache tu haina mteja huku. Nina Air Force 1 nyeupe hapa mezani, lebo inasema US 9, UK 8, EUR 42.5, CM 27. Sasa we ukiandika "saizi 8" kuna mtu ataelewa UK, mwingine ataelewa US, ukiandika "42" umempunja nusu, ukiandika "43" umemdanganya, na wote hao watakuja inboksi kukulaumu wakati kiatu chenyewe hakina kosa. Kwa hiyo kanuni ya kwanza, andika mstari wote kama ulivyo, herufi zake na namba zake, usichague moja na usibadilishe chochote kwa kichwa.

Na usitumie ile chati ya jumla inayozunguka Watsapu, ile yenye US upande mmoja UK katikati na EUR mwisho. Chati moja haiwezi kutosha kampuni zote kwa sababu kila kampuni ina yake. Chukua raba nne za kiume zote zimeandikwa US 9. Ya Nike itakuwa UK 8 na EUR 42.5. Ya Adidas itakuwa UK 8.5 na 42 2/3. Ya Vans ni UK 8 lakini EUR 42. Converse ile ya Chuck Taylor ni UK 9 kabisa, maana wao US ya kiume na UK ni namba moja, na urefu wake ni CM 27.5 wakati hizo nyingine tatu zote ni 27. Unaona sasa? Mtu anayevaa UK 8 ya Nike akinunua UK 8 ya Adidas anapata kiatu cha CM 26.5, kimepungua nusu sentimita, na nusu sentimita kwenye kidole gumba unaijua vizuri ukitembea kutoka Buguruni mpaka Ilala Boma.

Hizo sehemu za Adidas, 42 2/3 na 43 1/3, wauzaji wengi wanaona usumbufu wanaandika 43 tu. Usifanye hivyo. Zimetoka kwenye hesabu kabisa, namba moja ya Ulaya ni theluthi mbili za sentimita yaani kama milimita 6.7, namba moja ya Uingereza ni theluthi ya inchi yaani kama milimita 8.5, sasa Adidas wanapanda kwa nusu namba ya Uingereza, na nusu hiyo ukiigeuza kuwa ya Ulaya inakuja karibu theluthi mbili ya namba. Ndo maana baada ya 42 inakuja 42 2/3, halafu 43 1/3, halafu 44. Hamna 43 hapo. Ukiandika 43 mteja hajui umeshusha au umepandisha, na wewe mwenyewe wiki ijayo utakuwa umesahau.

Sasa kuna mtego mmoja ambao nahisi ndo unakurudishia viatu vingi kuliko yote, nao ni kiatu cha kike kuandikwa namba bila kusema ni cha kike. Nike ya kike US 8.5 ni EUR 40. Nike ya kiume US 8.5 ni EUR 42. Zote kwenye lebo zimeandikwa US 8.5 na mara nyingi lebo ya ulimi haisemi kike wala kiume, na raba nyeupe ni nyeupe tu haina jinsia. Mkaka anaona "US 8.5" anasema hii yangu, analipa, inafika mguu hauingii hata nusu. Namna ya kuijua ni kutazama US na EUR zimekaaje pamoja: ukiona 8.5 imekaa na 42 hiyo ni ya kiume, 8.5 imekaa na 40 hiyo ni ya kike, maana US ya kike kwa Nike iko juu ya ya kiume kwa namba moja na nusu. Ukiona herufi Y baada ya namba, mfano 7Y, hiyo ni ya watoto wakubwa, nayo ni EUR 40 vilevile, na dada anayevaa 40 anaweza kuivaa vizuri tu ila lazima umwambie ni ya watoto kwa sababu mara nyingi imetengenezwa kwa vifaa vyepesi zaidi na dukani bei yake huwa chini.

Ukiwa bado huna uhakika tafuta kodi ya bidhaa, yaani ile namba ya utambulisho wa modeli, iko chini kwenye lebo hiyohiyo. Air Force 1 nyeupe nyeupe ya kiume ya miaka hii ni CW2288-111, ya kike ni DD8959-100, ya watoto wakubwa ni DH2920-111. Kwa Adidas tafuta neno ART, Samba nyeupe yenye mistari myeusi ni B75806. Unaiandika kodi gugo picha inakuja, unajua ni ya nani na inaitwaje. Weka hiyo kodi kwenye tangazo pia, mteja anayejua raba atakuheshimu hapohapo. Na tazama lebo za miguu yote miwili jamani, kushoto na kulia! Mtumba una viatu vilivyoungana njiani, kushoto 42 kulia 42.5, rangi moja muundo mmoja, na kwa macho huoni kitu. Hiyo sio ya kuificha wala ya kuitupa, kuna watu mguu mmoja mkubwa kuliko mwingine wataichukua kwa furaha ukiwaambia mapema.

Haya, sasa sentimita, hapa naomba utulie kidogo. Ile CM iliyoandikwa kwenye lebo sio urefu wa kiatu wala wa insoli. Ni urefu wa mguu wa mtu ambaye kiatu kimekusudiwa. Hii yangu ya CM 27 nikiitoa insoli nikiipima kwa tepu ya fundi cherehani napata kama 28. Hakuna aliyekosea hapo, vidole vinahitaji nafasi mbele, kwa hiyo ndani lazima pawe parefu kuliko mguu kwa sentimita moja hivi, wakati mwingine na zaidi. Balaa linakuja muuzaji anapoandika "sm 28" peke yake. Mteja mwenye mguu wa 28 anaagiza, vidole vinagota ukutani. Mwingine mwenye mguu wa 27 anaona 28 anasema kubwa hii, anaondoka, kumbe ilikuwa yake halisi. Kwa hiyo andika zote mbili na useme ni za nini: "lebo CM 27, insoli nimepima mwenyewe sm 28". Maneno matatu manne tu yanakuokolea safari nzima ya boda.

Kupima kwenyewe kuna namna yake. Anza kisigino, ingiza kidole chini ya insoli uinyanyue taratibu, ikiwa imegandishwa na gundi usiivute kwa nguvu maana itachanika na sponji litabaki chini. Ikitoka ilaze mezani, ibonyeze kisigino kikae bapa, pima katikati moja kwa moja toka nyuma mpaka ncha ya mbele, usizungushe tepu pembeni. Ikigoma kutoka kata ukanda mwembamba wa karatasi gumu la boksi, usukume ndani mpaka uguse mbele, weka alama kwa peni pale unapogusa ukuta wa kisigino, toa upime. Hii ya ukanda inaweza kukupa tofauti ya milimita kadhaa kwa hiyo andika "kama sm 28".

Na mteja naye mpe kazi. Usimuulize "unavaa namba ngapi" ukaishia hapo. Mwambie atoe insoli ya raba anayoivaa sasa na inamkaa vizuri, aipime hivyohivyo, mlinganishe insoli kwa insoli. Asiyeweza kuitoa basi asimame kwenye karatasi kisigino kimegusa ukuta, aweke alama mbele ya kidole kirefu kuliko vyote, apime miguu yote miwili achukue ule mrefu, na afanye jioni kwa sababu kwa joto letu mguu wa jioni umevimba kidogo. Hiyo namba ya mguu ndo anailinganisha na CM ya lebo. Insoli kwa insoli, mguu kwa CM, usiwachanganye hao. Halafu ongeza neno moja la uzoefu kama unalo, mfano Air Force 1 inajulikana kuwa kubwa kidogo, wengi wanashuka nusu namba, kwa hiyo mtu aliye katikati ya namba mbili mwambie achukue ndogo.

Sasa umeona kwa nini nilisema insoli ni sehemu ya namba. Kama insoli sio ya kiatu, hicho kipimo chako chote hakina maana, umepima kitu kilichokatwa na mkasi wa mtu mwingine. Kwenye mtumba insoli zinapotea sana, nyingine zimetupwa na wafuaji, nyingine zimehamishwa toka kiatu kingine. Dalili ziko wazi ukitazama: maandishi ya kampuni hayapo au yako mguu mmoja tu, ukingo umekatwa umepinda pinda, mbele haifiki mwisho unaona pengo, au kushoto ni nene kulia nyembamba. Ikikosekana kabisa utaona chini kile kitambaa kigumu chenye mshono unaozunguka pembeni. Kiatu kisicho na insoli kinakuwa kipana na kirefu kwa juu, kisigino kinachomoka ukitembea, ukiweka ya dukani iliyo nene mguu unapanda na kiatu hichohicho kinabana juu ya vidole. Yaani mteja wako mmoja anaposema kubwa na mwingine anaposema vinabana inawezekana kabisa wote wako sahihi na namba ya lebo nayo iko sahihi.

Kwa hiyo kwenye tangazo insoli ina majibu matatu tu: ya kiatu ipo, imebadilishwa, au haipo. Ikiwa imebadilishwa pima ndani ya kiatu kwa ule ukanda bila hiyo insoli, uandike hivyo. Na ipige picha, ndani ya kiatu na nje ya kiatu. Mimi siuzi kiatu bila insoli, naweka mpya na nasema nimeweka mpya, gharama yake ndogo ukilinganisha na usumbufu, ila we ukiamua kuuza bila ni sawa pia mradi imeandikwa.

Twende kwenye soli, hapo kwa mteja wa Mwanza. Naomba uache kuandika "soli iko poa" na "kondisheni 9/10". Tisa yako sio tisa yangu, na asilimia ndo kabisa, "soli 85%", asilimia themanini na tano ya nini? Andika unachokiona na mahali kilipo. Raba haziishi sawasawa kote, watu wengi wanakanyaga kwanza na ukingo wa nje wa kisigino, na wanasukumia na sehemu ya chini ya kidole gumba, basi hapo ndo pa kutazama. Air Force 1 inakurahisishia maana chini ina miduara ya duara ndani ya duara pale mguu unapogeukia na kwenye ncha ina vinyota vidogo, vinyota vikiwa bado unavihisi na kucha kiatu kimetembea kidogo, vikiwa vimefutika mbele na mduara umelainika katikati kimetembea haswa. Hii yangu naielezea hivi: "kisigino cha kulia upande wa nje meno yameisha sehemu ya ukubwa wa sarafu ya 200, kushoto kidogo zaidi ya hapo, miduara ya mbele inaonekana yote, vinyota vya ncha vimefutika." Mtu akisoma hivyo Mwanza anakiona kiatu. Na ukiona mahali rangi ya soli imebadilika, mfano soli nyeupe katikati inatokea ya njano au sponji, hapo mpira wa chini umetoboka umefika tabaka la ndani, hiyo sio tena "imetumika kidogo", hiyo ni ya kusema kabla ya kitu kingine chochote.

Picha za soli ni tatu na hazipungui. Soli zote mbili pamoja toka juu kwa mwanga wa mchana, karibu na dirisha au kivulini nje, bila filta. Halafu kisigino kwa karibu kile kilichoisha zaidi, sio kile kizuri! Halafu weka viatu mezani, shusha simu usawa wa meza, piga kwa nyuma, hiyo inaonyesha kama kiatu kimelala upande. Kiatu kilicholala kinamsumbua goti mwingine mwenye mwendo tofauti na hakuna kuosha kunakokinyoosha.

Kabla ya picha kipime kwa mikono. Kikunje mbele kama mtu anayepanda ngazi, tembeza kidole gumba kwenye mstari ambapo soli inakutana na ngozi, bonyeza, ukiona mdomo unafunguka hata kidogo gundi imekata. Kama fundi amesharudishia gundi sema "imegundishwa mbele kulia", gundi iliyomwagika pembeni inaonekana tu hata usiposema. Na kuna hili la soli za povu la poliyurethani, mfano Jordan 3 na Jordan 4 na raba nyingi za zamani za kukimbilia. Hilo povu linaliwa na unyevu wa hewa polepole hata kiatu kikiwa kimekaa kabatini hakijavaliwa, baada ya miaka mingi linakuwa kama mkate mkavu, unavaa siku ya kwanza soli inamomonyoka sebuleni. Na sisi pwani unyevu tunao wa kutosha. Ndo maana "haijavaliwa" sio sifa peke yake. Tazama tarehe za kutengenezwa kwenye lebo ya Nike, huwa ziko mbili ndogondogo, kisha bonyeza povu kwa kidole gumba, likiwa gumu lisilorudi, lina nyufa ndogo za kama nywele, au linanata na kuacha unga, usiuze kama kiatu cha kuvaa. Mwambie mteja mwaka uliouona, hiyo tu.

Boksi halina maneno mengi. Mtumba hauji na boksi na hakuna mtu mwenye akili atakudai, andika "boksi hamna" basi. Kama unalo, linganisha kodi na saizi iliyoko kwenye karatasi ya ubavuni na zile za ulimi wa kiatu. Zikilingana andika "boksi lake, kodi inalingana" na upige picha vyote viwili kwa pamoja. Zisipolingana andika "boksi la kiatu kingine, la kusafirishia tu". Usinunue maboksi matupu Kariakoo ukatia raba za mtumba bila kusema, hapo ndipo watu wanapoanza kuhisi kopi hata kama kiatu chenyewe ni orijino. Na mzigo wa basi unabonda boksi, kwa hiyo anayelitaka likiwa zima mwambie utalitia ndani ya boksi lingine na gharama itaongezeka kidogo, asiyelitaka mfungie bila.

Usafi nao unauandika, sio "safi kabisa" bali umefanya nini. Watu wanadhani kusema umeosha inatosha, lakini njia ya kuosha inaamua kiatu kitakuwaje mwezi ujao. Mimi natoa kamba na insoli kwanza, naviosha pembeni, napiga brashi kavu kuondoa vumbi na mchanga, halafu maji ya uvuguvugu kidogo na sabuni ya maji, brashi laini kwa ngozi na ngumu kwa soli tu, nafuta na kitambaa chenye maji safi mpaka povu liishe, nasokota karatasi nyeupe natia ndani na kukausha kivulini penye upepo. Gazeti usitie ndani ya kiatu cheupe, wino unahamia kwenye kitambaa. Sabuni isiposuuzwa ikaisha, ukianika juani kiatu kinapata madoa ya njano, hasa pale kwenye nyuzi na pembeni ya soli, na hapo mtu anakimbilia jiki. Jiki ndo inaharibu kabisa, siku hiyo kinang'aa, baada ya muda nyuzi na mpira vinageuka njano na nyuzi zinadhoofika. Swede usiimwagie maji kabisa, brashi kavu na kifutio, na kama doa limegoma liache ulipige picha.

Lakini kubwa kuliko yote kwenye usafi ni rangi. Kiwi nyeupe ya maji inaficha nyufa na mikwaruzo, picha inatoka kama ya dukani, mteja akipita kwenye dimbwi moja weupe unabaki kwenye suruali. Mnunuzi mjanja anasugua ukingo wa soli na kitambaa kibichi hapohapo, kikitoka cheupe anajua. Kupaka sio dhambi, kama umepaka andika "ukingo wa soli umepakwa rangi". Vilevile kama umeondoa unjano wa soli kwa dawa ya peroksaidi andika, kwa sababu unjano huo unaweza kurudi na ukirudi atasema ulijua. Na piga picha baada ya kusafisha na kukauka, maana raba iliyolowa mikunjo haionekani na rangi inakolea.

Hii yangu ya mezani ningeiposti hivi, na we badilisha tu vitu:

"Nike Air Force 1 nyeupe, ya KIUME, kodi CW2288-111, mtumba. Lebo miguu yote: US 9 / UK 8 / EUR 42.5 / CM 27. Insoli ya kiatu ipo, nimepima sm 28. Modeli hii ni kubwa kidogo, ukiwa katikati ya namba mbili chukua ndogo. Soli: kisigino cha kulia nje meno yameisha ukubwa wa sarafu ya 200, kushoto zaidi kidogo, mbele miduara yote inaonekana, vinyota vya ncha vimefutika. Gundi haijafunguka popote. Mikunjo mbele ipo, picha ya 5. Doa dogo la wino ndani ya ulimi wa kushoto, halikutoka, picha ya 6. Imeoshwa kwa mkono na sabuni ya maji, haijapakwa rangi, haijatiwa jiki. Kamba mpya sio za kiatu. Boksi hamna. Bei 70,000, usafiri wa mkoani juu yako."

Utasema ndefu. Ndefu ndiyo, ila anayekuja inboksi baada ya kusoma hiyo haulizi maswali kumi, anauliza namba ya kulipia. Picha ya lebo weka iwe ya pili baada ya ile ya kiatu kizima, isomeke hadi CM, wengine hawasomi maneno kabisa wanatembea na picha tu. Na zile herufi za KIUME au KIKE ziweke kwenye mstari wa kwanza, sio chini.

Mteja wa Mwanza mpigie, mwambie akutumie picha ya soli na ya ndani ya kiatu, ulinganishe na picha ulizoposti. Kama picha zako hazikuonyesha kisigino na insoli hukuitaja basi hiyo ni ya kwako, mrudishie hela au mpunguzie bei akikubali kubaki nacho. Na yule atakayekuja leo akuandikie "mi navaa 43 itanitosha?", usimjibu ndiyo wala hapana, muulize 43 ya raba gani na kwenye ulimi wake pale CM imeandikwa ngapi.